Padi ya kugusa haibonyezeki: huenda betri ndiyo iliyovimba

Kompyuta mpakato ililetwa kwangu na lalamiko moja tu: padi ya kugusa haibonyezeki upande wa kulia. Mwenyewe alikuwa ameshaipangusa, ameshapuliza vumbi, ameshafuta programu ya padi na kuisakinisha upya. "Fundi, kushoto inaitika, lakini kulia ni kama nabonyeza jiwe," aliniambia. Niliizima, nikachomoa chaja, nikaigeuza kifudifudi na kuilaza rula juu ya kifuniko cha chini. Rula ikabembea. Upande ule ule wa kulia palikuwa na kijilima cha kama milimita 3 ambacho jicho lisingekigundua kwa haraka. Padi ilikuwa nzima kabisa. Iliyokuwa ikiisukuma kutoka chini ni betri.

Betri iliyovimba mara nyingi huja hivyo, imejificha ndani ya ugonjwa mwingine. Watu hubadilisha padi, hubadilisha kibodi, hata hukaza skrubu ili "kurudisha" kifuniko mahali pake, na hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote.

Dalili, na zinavyochanganywa na mambo mengine

Padi huathirika kwanza kwa sababu ya mahali betri inapokaa. Katika kompyuta nyembamba za siku hizi betri imelazwa mbele, chini ya padi na chini ya sehemu ya kuegemeza viganja, na nafasi iliyobaki juu yake ni ndogo mno. Padi nyingi zina bawaba upande wa juu, kwa hiyo kinachoshuka unapobonyeza ni ukingo wa chini. Betri ikituna kidogo tu, ukingo huo hauna pa kushukia. Wakati mwingine mambo hugeuka kinyume: padi inabaki imebonyezwa na mshale unaburuta vitu wenyewe. Uchafu nao unaweza kuziba padi, lakini uchafu huziba sehemu ndogo na hauinui kitu. Pitisha kidole taratibu kutoka kwenye sehemu ya viganja hadi kwenye padi. Ukihisi ngazi ambayo haikuwapo zamani, acha kutafuta uchafu.

Dalili ya pili ni kompyuta kubembea mezani. Hapa usikimbilie kuhukumu betri, maana huenda kipira kimoja cha chini kimebanduka au meza yenyewe haijanyooka. Iweke juu ya kioo au kigae, bonyeza pembe moja moja, kisha igeuze na ulaze rula kwa urefu na kwa upana. Kipira kilichobanduka hakikunji kifuniko. Betri hukikunja, na mkunjo huo una kilele kinachoonekana wazi rula inapobembea.

Ya tatu ni mwanya pembeni, yaani kifuniko cha chini kuachana na sehemu ya juu, na hii ndiyo inayowapoteza hata mafundi. Bawaba za skrini zikikaza, nazo hupasua ganda. Tofauti iko kwenye mahali mwanya ulipo. Bawaba hufungua pembe za nyuma, karibu na skrini, na mwanya hupanuka unapofunua skrini. Betri hufungua upande wa mbele au ubavuni, na mwanya haujali kama skrini imefunuliwa au imefungwa. Kama skrini haikai vizuri inapofungwa, inagusa katikati na kubaki wazi pembeni, hiyo pia ni dalili ya betri.

Kuna dalili moja isiyohitaji vipimo: harufu tamu na kali, kama ya rangi ya kucha au ya kiyeyushi. Hiyo ina maana kwamba mfuko wa seli umeshapasuka na kimiminika chake kinavuja. Hapo uchunguzi umekwisha. Usiiwashe, usiifungue. Kama si ya moto na haitoi moshi, itoe nje ya nyumba.

Kompyuta yenyewe inasemaje

Wengi huniuliza kwa nini kompyuta haikutoa onyo. Ni kwa sababu hakuna kipimo cha unene ndani ya betri ya kawaida. Kinachopimwa ni volti, mkondo, joto na kiasi cha umeme. Hata hivyo taarifa za betri zinasaidia kuelewa ilivyoishi. Kwenye Windows, andika amri hii:

```
powercfg /batteryreport
```

Itaandika faili liitwalo battery-report.html na kukuonyesha lilipo. Ndani yake tafuta DESIGN CAPACITY, FULL CHARGE CAPACITY na CYCLE COUNT. Kwenye macOS amri ni hii:

```
system_profiler SPPowerDataType
```

Mwenye kompyuta ile alikuwa amehifadhi taarifa yake wiki chache kabla, alipokuwa akihangaika na padi. DESIGN CAPACITY ilisoma 50,040 mWh, FULL CHARGE CAPACITY 41,300 mWh, na CYCLE COUNT 41. Kwa hesabu hiyo betri ilikuwa na karibu asilimia 83 ya uwezo wake wa awali, na ilikuwa imemaliza na kujaza umeme mara 41 tu kwa miaka mitatu na kitu. Kwa kuitazama karatasi, hiyo ni betri yenye afya. Lakini hiyo 41 ndiyo iliyonieleza kisa kizima: kompyuta ilikuwa haichomolewi. Ilikaa mezani, chaja imechomekwa usiku na mchana, betri imejaa hadi juu, na joto la bodi kuu likiipitia kila siku.

Kwa nini inavimba

Ndani ya betri hiyo mna seli kadhaa, mara nyingi tatu au nne. Kila seli ni mfuko wa karatasi laini ya aluminiamu na plastiki, kama pakiti ya kahawa iliyofyonzwa hewa. Humo ndani zimekunjwa tabaka nyembamba: grafiti juu ya karatasi ya shaba, madini yenye lithiamu juu ya karatasi ya aluminiamu, na katikati yake plastiki nyembamba yenye vitundu iitwayo kitenganishi. Vyote vimeloweshwa kwa elektroliti, ambayo ni chumvi ya lithiamu iliyoyeyushwa katika kiyeyushi kinachowaka moto.

Elektroliti haina amani kamili na majirani zake. Upande wa grafiti huvunjika kidogo kidogo na kujenga utando unaoilinda seli. Upande wa pili, volti ikiwa juu, inaunguzwa polepole. Kila mvunjiko huacha gesi: kaboni dayoksaidi, kaboni monoksaidi, hidrojeni, ethilini na nyinginezo. Betri nzima huzitoa kwa kiasi kidogo sana, na mfuko hauonyeshi chochote. Mambo mawili hugeuza kidogo hicho kuwa kingi, nayo ni volti kubwa na joto. Seli iliyojaa kabisa hufika kama volti 4.2, na nyingine za kisasa hupita hapo kidogo. Ikiachwa katika hali hiyo kwa miezi huku ina joto, gesi hujikusanya haraka kuliko ambavyo ingejikusanya kama seli hiyo hiyo ingekaa nusu.

Hapa niondoe dhana moja. Chaja haiendelei "kusukuma" umeme ndani ya betri iliyojaa, kwani saketi ya kudhibiti huukata. Tatizo ni kwamba betri inabaki imejaa. Ndiyo maana betri ya mtu anayesafiri na kompyuta kila siku inaweza kuchakaa kwa uwezo lakini ikabaki bapa, wakati ya yule asiyeichomoa ina mizunguko 41 na imetuna kama mto.

Njia nyingine ya kufika huko ni kinyume chake: kuacha kompyuta kabatini ikiwa imeisha umeme kwa miezi mingi. Seli hujiishia polepole, na volti ikishuka mno shaba ya ndani huanza kuyeyuka na kusafiri. Ikichajiwa baadaye, shaba hiyo hujigandisha mahali pasipo pake na inaweza kuleta shoti ndani ya seli. Saketi ya ulinzi mara nyingi hukataa kuchaji betri kama hiyo, na inafanya vyema. Kuna mafundi "wanaoiamsha" kwa waya za moja kwa moja. Mimi sifanyi hivyo.

Kuanguka, kubanwa na kasoro za kiwandani nazo zipo, ila kwa mtumiaji hazibadilishi cha kufanya. Kwenye kompyuta niliyoisimulia ilikuwa seli moja tu iliyotuna, ya kulia, na ndiyo maana padi iligoma upande mmoja. Bado betri nzima ilibadilishwa. Seli zimeunganishwa kwa mfuatano na hazitenganishwi ili kuokoa zile bapa.

Msomaji mmoja anaweza kuuliza: mbona kompyuta za zamani hazikuvimba? Nyingi zilikuwa na seli za duara ndani ya kopo la chuma, aina ya 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Gesi ilikuwapo, ila chuma kiliificha, na seli hizo zina sehemu maalumu ya kutolea shinikizo likizidi. Mfuko laini hukuonyesha kilichomo.

Hatari iko wapi hasa

Gesi iliyomo ndani ya mfuko si yenyewe inayowasha moto. Betri nyingi zilizovimba hukaa hivyo kwa wiki bila mwenye kujua, na hazilipuki. Lakini seli hiyo imepoteza akiba yake ya usalama. Tabaka zimeachana na kukunjana, kitenganishi kinabanwa visivyo sawa, na mfuko umekazwa kiasi kwamba ncha ya skrubu au bisibisi inaweza kuutoboa. Ukitobolewa, au tabaka mbili zikigusana, panakuwa na shoti ya ndani ambayo hakuna swichi ya kuizima.

Kinachofuata ni mnyororo. Shoti huleta joto, joto huvunja ule utando wa kwenye grafiti na kuleta joto zaidi. Kwenye nyuzi joto kama 130 za selsiasi plastiki ya kitenganishi, ikiwa ni ya polithini, huyeyuka, na shoti inakuwa pana. Seli moja huipasha jirani yake mpaka nayo ianze. Moshi wake una hidrojeni floraidi, gesi inayounguza mapafu na macho, kwa hiyo usijaribu kuukaribia ili "uone kidogo".

Ili kupata picha ya ukubwa wake: betri ya wati-saa 50 iliyojaa ina nishati ya umeme ya kilojuli 180, inayotosha kuchemsha nusu lita ya maji. Hapo bado hujahesabu kiyeyushi kinachowaka. Betri yenye umeme kidogo ina nguvu ndogo ya kuanzisha mnyororo huo, na jambo hilo litaamua hatua zinazofuata.

Kabla moto haujafika, kuna hasara ya polepole. Shinikizo hupasua padi, huinua kibodi na hukunja bodi kuu. Anayesubiri mwezi mzima kwa sababu "bado inafanya kazi" mara nyingi hulipia vitu vitatu badala ya kimoja.

Cha kufanya mpaka ibadilishwe

Chomoa chaja sasa hivi na usiirudishe. Kuchaji hupandisha volti, na volti ndiyo iliyoleta gesi. Kama ganda lina joto wakati kompyuta imezimwa, au kuna harufu ile, au inatoa sauti ya kuvuja hewa au kupasuka, usiiguse kwa kazi yoyote zaidi ya kuitoa nje, na hata hiyo ni pale tu ambapo si ya moto na haitoi moshi.

Kama ni ya baridi, haina harufu, na uvimbe ni mdogo, una uamuzi wa kufanya kuhusu data zako. Ushauri wangu ni huu: ikiwa tayari una nakala ya mafaili yako mahali pengine, izime na iishie hapo. Ikiwa huna, iwashe kwa umeme wa betri uliobaki, bila chaja, juu ya kigae au saruji na mbali na mapazia na karatasi, na ukiwa umekaa hapo hapo. Nakili vilivyo muhimu kwenye diski ya nje na usifanye kazi nzito inayoipasha joto. Kazi hiyo nyepesi inakusaidia mara mbili, maana inapunguza umeme uliomo. Ikianza kupata joto chini ya padi, izime, hata kama unakili haujaisha. Diski ya ndani haitapotea kwa sababu ya betri, na fundi anaweza kuisoma baadaye.

Baada ya kuizima, usiifunge skrini kwa nguvu. Iache ikae ilivyotaka kukaa. Usiweke kitabu juu yake, usiikaze skrubu, usiitie kwenye begi lililojaa. Isiwe kitandani, isiwe ndani ya gari lililoachwa juani, wala isiwe njiani pa kutokea nje. Mahali pazuri ni sakafu ya saruji kwenye kivuli, penye hewa, na ambapo kama ingewaka isingekuta kitu cha kuunguza. Friji si mahali pake. Unyevu unaoganda juu ya saketi ni tatizo jipya.

Usiitoboe ili gesi itoke. Najua kuna picha za video zinazoonyesha mtu akitoboa mfuko kwa sindano na kuubandika tepu. Gesi ile inawaka, sindano inapita kwenye tabaka zenye umeme, na hewa yenye unyevu inayoingia hugusa chumvi ya lithiamu na kutengeneza ile hidrojeni floraidi inayounguza. Betri ikiishi baada ya hapo ni kwa bahati, na itavimba tena.

Usipande nayo ndege. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinakataza betri za lithiamu zilizoharibika au zenye kasoro, iwe kwenye begi la mkononi, iwe kama mzigo. Kwa hiyo usiitume kwa ndege kwenda kwa fundi wa mbali pia.

Moshi ukitokea, watoe watu, funga mlango nyuma yako na uite zimamoto. Blanketi halitauzima, kwani mnyororo ule hauhitaji hewa ya nje kuendelea. Kinachosaidia ni maji mengi, kwa sababu yanapoza seli ambazo bado hazijashika. Na ikishazimika usiirudishe ndani. Seli zilizobaki huweza kuwaka tena saa kadhaa baadaye.

Kuitoa, kama unaweza

Kuna betri zinazoshikwa kwa skrubu na kuna zilizogundishwa. Ya skrubu, mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kuitoa mwenyewe, ilimradi imepungua umeme na ni ya baridi. Vaa miwani ya kinga. Legeza skrubu za kifuniko kidogo kidogo kwa kuzunguka zote, maana kifuniko kimekazwa na betri na kinaweza kuruka. Kiinue kwa kadi ya plastiki, usitumbukize kitu cha chuma usichokiona kinakoishia. Chomoa kwanza plagi ya betri kwenye bodi kuu, ndipo utoe skrubu zake. Inua betri kwa kushika pembe za fremu yake, si kwa tumbo la seli.

Iliyogundishwa niachie mimi au fundi mwenzangu. Kuing'oa kunataka kuikunja, na seli iliyovimba haipaswi kukunjwa. Sisi hutumia utepe wa gundi unaovutika au kiyeyushi kinacholegeza gundi, na hata hivyo kuna siku tunasimama nusu saa kusubiri.

Ikishatoka, funika vidole vya plagi kwa tepu ya umeme. Ilaze ndani ya kopo la chuma lenye mchanga mkavu, na kifuniko kiwekwe juu bila kubanwa, kwa sababu gesi ikiendelea kutoka ndani ya chombo kilichofungwa kabisa unakuwa umetengeneza bomu dogo. Usiilowanishe kwenye maji ya chumvi ili "kuiua". Plagi zitaliwa na kutu kabla seli haijaisha umeme, na utabaki na betri usiyojua ina kiasi gani. Kopo likae nje penye kivuli mpaka lipelekwe kwa wanaopokea taka za kielektroniki. Pipa la kawaida halifai, kwa kuwa gari la taka hubana kila kitu.

Je, unaweza kuendelea kutumia kompyuta kwa chaja tu bila betri? Nyingine huwaka vizuri, nyingine huwaka lakini hupunguza kasi kwa sababu betri ndiyo inayoongezea umeme kazi inapokuwa nzito, na nyingine hukataa kabisa. Ikiwaka, kumbuka kwamba umeme ukikatika inazima papo hapo.

Betri mpya ichaguliwe kwa namba iliyo kwenye lebo ya ile ya zamani, si kwa kulinganisha umbo peke yake. Ikifika, ilaze mezani kabla ya kuifunga: lazima iwe bapa. Kisha weka kikomo cha kuchaji. Kompyuta nyingi zina mpangilio huo kwenye BIOS au kwenye programu ya mtengenezaji. Kwenye Linux, ikiwa kompyuta inaukubali, amri ni hii:

```
echo 80 | sudo tee /sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold
```

Kompyuta ile ya padi nzito iliondoka na kikomo cha 80. Padi haikubadilishwa, ilibonyezeka yenyewe mara tu betri ya zamani ilipotoka.